Vocha ya Steam "imeshatumika": fanya haya kabla hujamlipa mtu mwingine

*Kaka, niko Arua, nasoma chuo. Sina kadi ya benki, pesa yangu yote iko MoMo. Nilitaka kununua gemu ya Stardew Valley kwenye Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, nikamlipa jamaa wa Telegram shilingi 80,000 kwa vocha ya dola 20. Nilipoingiza namba ikakataa, inasema imeshatumika. Jamaa anasema kosa ni langu kwa sababu niko Uganda. Je, ni kweli? Na mtu asiye na kadi atanunuaje?*

Mdogo wangu, kabla hujamwita jamaa mwizi, kuna mahali pa kutazama kwanza. Ingia kwenye akaunti yako ya Steam kwa kivinjari cha kawaida, ufungue ukurasa huu:

```
store.steampowered.com/account/history
```

Hapo pana orodha ya kila senti iliyowahi kuingia na kutoka. Tafuta mstari wenye dola 20. Nakutuma huko kwa sababu hili nimeliona mara nyingi kwa wateja wangu hapa Kampala. Mtu anaingiza namba, anabofya `Continue`, bando linasuasua, kiduara kinazunguka weee, anabofya tena. Bofyo la kwanza lilikuwa limeshafika na pesa imeshaingia. La pili ndilo linalorudisha jibu kwamba namba imetumika, na ni kweli imetumika, ila aliyeitumia ni yeye mwenyewe sekunde chache zilizopita. Nilikuwa na kijana mmoja aliyegombana na muuzaji siku mbili nzima, kumbe dola zake zimekaa pale juu kulia, kando ya jina lake, na hakuwahi kuinua macho kuzitazama. Kama una akaunti mbili, tazama zote mbili.

Sasa tuseme mstari huo haupo. Hapo maneno uliyoyaona kwenye skrini yana uzito, maana Steam haikatai kila namba kwa sababu ileile.

Ikisema namba si sahihi, mara nyingi ni kosa la kuandika. Wauzaji hupenda kutuma picha ya kadi iliyokwanguliwa, na kwenye picha yenye giza B hufanana na 8, na herufi O hufanana na sufuri. Mwombe akuandikie kwa maandishi, unakili na kubandika. Sababu nyingine ni kwamba umeuziwa kitu tofauti. Kuna namba za vocha, ambazo huingiza pesa kwenye pochi, yaani salio la akaunti yako ya Steam, na kuna namba za gemu moja moja. Zote zinaweza kuwa na herufi na tarakimu kumi na tano zilizogawanywa matano matano, kwa hiyo kwa macho hutazitofautisha. Ya gemu huingizwa mahali pengine, kwenye menyu ya programu yenyewe palipoandikwa `Activate a Product on Steam`. Usibahatishe mara nyingi mfululizo, kwa sababu majaribio yakizidi Steam hukuzuia kwa muda, na itabidi usubiri hata kama namba ya mwisho ilikuwa nzuri.

Ikisema haijawashwa, basi ni kadi ya dukani ambayo keshia hakuipitisha kwenye mashine yake. Kadi ile ikining'inia ukutani dukani haina thamani yoyote, na ndiyo maana maduka hayaogopi kuitundika mlangoni. Dawa yake ni kurudi dukani na risiti.

Na ikisema imeshatumika, kama yako, maana yake ni moja tu: ilikuwa namba halali, na kuna akaunti iliyokwisha kula pesa yake. Kuwa Uganda hakuingii hapo kabisa. Steam haina bei za shilingi yetu. Mtu wa Uganda anaonyeshwa bei kwa dola za Marekani na pochi yake hukaa kwa dola. Vocha ya dola kwenye pochi ya dola haina hata haja ya kubadilishwa. Hata vocha ya fedha nyingine, tuseme ya yuro, kwa kawaida hugeuzwa kuwa fedha ya pochi yako kwa kiwango cha siku hiyo. Kwa hiyo jamaa amekudanganya, au amedanganywa na aliyemuuzia yeye akakurithisha uongo.

Nadhani hadithi hii ya nchi ameitoa kwenye PlayStation, maana kule ni kweli. Uganda haimo kwenye orodha ya nchi za duka la PlayStation, hivyo vijana wetu hufungua akaunti za Marekani au Uingereza, na kadi ya Marekani haikubali kamwe kwenye akaunti ya Uingereza. Google Play nayo ni hivyohivyo, kadi ya nchi moja haiingii kwenye akaunti ya nchi nyingine. Steam haijafungwa namna hiyo.

Kuhusu hizo 80,000, nikuambie ukweli bila kukupamba. Ulituma kwa hiari yako, kwa namba uliyoikusudia. Hiyo si kama kukosea tarakimu, na mtandao wa simu hauchukui pesa kwenye laini ya mtu kwa neno lako peke yako. Ulicho nacho ni ujumbe wa malipo wenye namba ya muamala, jina lililosajiliwa kwenye laini ile, na mazungumzo yenu ya Telegram. Vipige picha leo, kabla jamaa hajafuta. Kisha mwandikie bila matusi, mwambie una jina lake kamili la kwenye laini na unataka namba nyingine au pesa, la sivyo unapeleka polisi. Wengi wa hawa hutegemea kwamba utaona aibu kuripoti shilingi elfu themanini. Huduma ya wateja ya Steam pia unaweza kuiandikia, lakini wao huomba picha ya kadi yenyewe na risiti ya duka, na wewe huna hata kimoja.

Sasa tuje kwenye kununua vizuri.

Vocha ni pesa isiyo na jina. Mwenye kuiona namba kwanza ndiye mwenye pesa, kama vocha ya muda wa maongezi tuliyokuwa tukiikwangua zamani: ukiiacha mezani, anayepita anaikwangua na kuongea. Kwa sababu hiyo swali langu la kwanza kwa muuzaji ni namba imepitia mikono mingapi kabla ya kunifikia. Vocha ikitoka kwa muuzaji anayenunua moja kwa moja kwa msambazaji, mikono ni miwili. Kwenye kundi la Telegram inaweza kuwa sita, na yeyote kati yao anaweza kuitumia na bado akaiuza.

Swali la pili ni bei, na hapa watu hufikiri kinyume. Wanaogopa ya ghali, kumbe ya kuogopa ni ya bei poa. Chukua kiwango cha shilingi 3,600 kwa dola, kwa mfano. Dola 20 ni 72,000. Muuzaji naye hulipa kwa kadi, hukatwa ada ya kubadilisha fedha, kisha anataka faida ya soda. Akikuuzia kwa 4,000 kwa dola, yaani 80,000 kama ulivyolipa, amekuongezea 8,000, kama asilimia 11 hivi. Inauma, lakini ni biashara inayoeleweka. Anayekuuzia dola kwa 3,000 anapata wapi hizo dola? Jibu la kawaida ni kadi ya benki ya mtu mwingine iliyoibwa.

Mimi mwenyewe nililipia somo hilo. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua vocha ya dola 50 ya duka fulani la gemu kwa 150,000, nikajiona mjanja. Ikaingia vizuri, nikanunua gemu mbili. Baada ya wiki mbili mwenye kadi halisi akalalamika benki yake, malipo yakarudishwa, ile vocha ikafutwa. Pesa ilikwisha kutumika, kwa hiyo gemu ziliondolewa na akaunti yangu ikafungiwa manunuzi mpaka nilipomaliza kujieleza. Muuzaji alikuwa amekwisha badilisha laini. Kumbuka basi kwamba vocha kuingia siku ya kwanza si ushahidi kwamba ni safi.

Kabla ya kununua vocha yoyote, weka gemu kwenye kikapu cha Steam na usogee mpaka ukurasa unaoonyesha jumla ya mwisho. Nakili jumla hiyo. Stardew Valley bei yake ya kawaida ni dola 14.99, kwa hiyo kama jumla ni hiyo, hukuhitaji vocha ya dola 20. Vocha ya 10 na ya 5 zinatosha, na inabaki senti moja. Wauzaji huongeza kidogo kwenye vocha ndogo. Tuseme ya 5 anakupa kwa 22,000 na ya 10 kwa 41,000. Jumla ni 63,000 badala ya 80,000. Zile dola tano ungezilaza kwenye pochi, na pesa ya pochi hairudi MoMo kwa njia yoyote. Hata ukirudisha gemu yenyewe, jambo linaloruhusiwa ndani ya siku 14 kama hujaicheza kufika saa mbili, pesa iliyotoka kwenye pochi inarudi kwenye pochi.

Na kama unaweza kuvumilia, gemu hii imewahi kushushwa mpaka dola 7.49. Steam hufanya punguzo kubwa mwishoni mwa Juni na tena mwishoni mwa Desemba. Wakati huo vocha moja ya dola 10 inakununulia gemu na chenji inabaki.

Kugawa vocha mbili kuna faida nyingine inayonipendeza zaidi ya hizo 17,000. Unanunua ya dola 5 kwanza, unaiingiza, unatazama historia. Ikikubali, ndipo unalipia ya 10. Muuzaji akikataa kukuuzia ya 5 peke yake kwa kisingizio cha kukupotezea muda, umeshapata jibu lako kwa gharama ya shilingi sifuri.

Wakati wa kulipa, kwa *165# au kwa *185#, kabla hujaweka namba ya siri simu hukuonyesha jina la anayepokea. Lisome. Duka linalojiita jina kubwa, halafu laini ina jina la mtu asiyehusika, ni la kuacha. Ukiweza, lipa kwa namba ya biashara badala ya kumtumia mtu binafsi, maana hapo unabaki na rekodi ya malipo kwa duka. Pia itaondoa lile ombi la "ongeza na ya kutoa". Anayepokea kwenye laini yake binafsi hulipa ada ya kutoa pesa pamoja na kodi ya serikali ya asilimia 0.5 ya kiasi anachotoa, na mzigo huo anakutwika wewe. Kwa 63,000 kodi ni shilingi 315, si kitu, lakini ada ya wakala juu yake inaonekana.

Siku ya kuingiza namba, washa kurekodi skrini ya simu au laptopu kabla muuzaji hajaituma. Rekodi ionyeshe ujumbe wake ukiingia, wewe ukinakili, na jibu la Steam, bila kukata. Ukurasa wenyewe ni huu, usiupokee kama kiungo kutoka kwa muuzaji, uandike kwa mkono:

```
store.steampowered.com/account/redeemwalletcode
```

Bofya `Continue` mara moja. Mtandao ukikwama usirudie. Fungua historia kwanza.

Kama una ndugu mwenye kadi ya benki nje, njia yake ni safi kuliko zote, ila ina mtego ambao karibu kila mtu huukanyaga. Tuseme shangazi yako yuko Nairobi na anakubali kukusaidia, wewe umtumie pesa. Steam ina kadi ya zawadi ya kidijitali ambayo humwendea rafiki moja kwa moja, bila namba ya kuandika popote, kwa hiyo hakuna cha kuibiwa njiani. Hutolewa kwa dola 5, 10, 25, 50 na 100, na hulipiwa kwa kadi. Sharti ni kwamba muwe marafiki ndani ya Steam kwa siku tatu au zaidi.

Mtego uko kwenye huo urafiki. Akaunti ambayo haijatumia walau dola 5 Steam huiwekea mipaka, na mpaka mmoja ni kwamba haiwezi kutuma ombi la urafiki. Yako imo kwenye kundi hilo. Shangazi akifungua mpya leo, yake nayo imo. Mtakaa mkitazamana kama watu wawili kwenye kingo mbili za mto, hakuna mwenye mtumbwi. Mmoja lazima avuke kwanza: ama shangazi aweke dola 5 kwenye pochi yake kwa kadi yake, ama wewe uingize vocha ya dola 5 ya kawaida. Akaunti ikishafunguka, mwenye nayo anatuma ombi, mnahesabu siku tatu, ndipo zawadi inakuja. Na ujue kwamba zawadi ya kidijitali kutoka kwa rafiki haihesabiwi katika kuondoa mipaka. Vocha ya namba inahesabiwa.

Kama hayo yote ni mlolongo kwa shangazi ambaye hajui hata gemu ni nini, anunue vocha ya kawaida dukani kule akusomee namba kwa simu. Mikono miwili tu, na wote ni ukoo.

Imebaki kadi ya mtandaoni, ile isiyo na plastiki, unayoijaza kwa pesa za simu kupitia programu. Watu huikimbilia kama ndiyo suluhisho la kudumu, na kwa anayenunua kila mwezi inaweza kuwa hivyo. Kwa gemu moja ya dola 15 siishauri. Nyingi zina ada ya kufungua, baadhi zina ada ya kila mwezi, na kuna zinazokutoza hata malipo yakikataliwa. Kukataliwa kwenyewe kuna sababu ambayo programu haikuambii. Steam hulinganisha nchi uliko na nchi ya njia yako ya malipo. Kadi nyingi za dola za aina hii hutolewa na benki ya Marekani na hupewa anwani ya Marekani. Wewe uko Arua, duka lako ni la Uganda, kadi inasema Marekani, malipo yanakataliwa huku salio likiwa limejaa tele. Mtu anaongeza salio, anakataliwa tena, anakatwa tena ada.

Kwa hiyo kabla ya kujaza hata shilingi, waulize huduma ya wateja wa kadi hiyo swali moja: kadi imetolewa nchi gani? Wakisema Uganda, endelea, ujaze zaidi kidogo ya bei ya gemu kwa sababu ya tofauti ya kiwango. Wakisema kwingine, achana nayo kwa Steam. Rafiki atakushauri uwashe VPN ili uonekane uko Marekani. Usithubutu. Steam inakataza kujificha mahali ulipo wakati wa kununua, na akaunti inaweza kuwekewa vizuizi. Nchi ya duka nayo haibadilishwi zaidi ya mara moja kwa miezi mitatu.

Kwa hali yako, ningefanya hivi. Usiku wa leo tazama ile historia. Dola 20 zikiwemo, gemu ni yako na una dola 5.01 za chenji, na jamaa wa Telegram unamdai radhi kwa kukupa sababu ya uongo, wala humdai pesa. Zisipokuwemo, tunza ushahidi wako, halafu anza upya na vocha ya dola 5 kutoka kwa mtu mwenye duka ambalo unaweza kulifikia kwa boda.